Mirathi ya Mjomba na Swali la Benki

Mwezi wa Juni mwaka 2024 nilikuwa chuoni nikijiandaa kwa mitihani wakati mama aliponipigia simu kutoka Ryansoro. Hakuanza kwa kuniuliza habari za masomo kama ilivyo kawaida yake. Alisema, "Pesa za marehemu mjomba wako zimefika. Zinaonekana kwenye akaunti, lakini hazitoki. Wanataka niwaambie nilizipata wapi."

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wake haufiki faranga 400,000 kwa mwezi. Siku hiyo akaunti yake ilikuwa imepokea faranga 20,520,500 kwa mkupuo mmoja, kiasi ambacho angehitaji zaidi ya miaka minne kukipata kwa kufundisha, hata kama asingekula wala kuvaa. Zaidi ya hayo, yeye ni mwekahazina wa ushirika wa mlima wetu. Ukiwa mwekahazina kijijini na ghafla ukawa na milioni ishirini, watu hawataulizana kuhusu ndugu yako aliyeko ng'ambo. Wataanza kuhesabu fedha za ushirika.

Benki ilimpa siku 15 alete maelezo. Nami, kwa kuwa ndiye mtoto anayesoma Kiswahili chuo kikuu, nilipewa kazi ambayo sikuitarajia, yaani kusoma karatasi zilizotoka Tanzania na kuzieleza kwa watu wa Gitega. Nimeamua kuandika insha hii kwa sababu katika wiki mbili hizo nilijifunza kwamba kusema ukweli na kuthibitisha ukweli ni kazi mbili tofauti.

Kwanza nieleze fedha zenyewe zilivyopatikana. Mwaka 1972, wakati wa mauaji yaliyowafanya Warundi wengi wakimbie nchi, kaka wawili wa mama walivuka kwenda Tanzania. Mkubwa alikuwa na miaka 14 na mdogo wake miaka 11. Mama alikuwa na miaka 6, akabaki na wazazi. Wale wawili wakakulia Katumba, makazi ya wakimbizi yaliyo karibu na Mpanda, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Walilima tumbaku na mahindi. Serikali ya Tanzania ilipowapa uraia wakimbizi wa mwaka 1972, watu wapatao 162,000, wajomba zangu walikuwa miongoni mwao, na vyeti vyao walivipata baada ya mwaka 2014. Mjomba mkubwa alijenga nyumba Mpanda mjini na kuipangisha. Mke wake alifariki kabla yake, na hawakuwa na mtoto aliye hai. Yeye mwenyewe alifariki mwezi wa Machi mwaka 2023. Warithi wakabaki wawili tu, mjomba mdogo na mama.

Tulipofika benki mara ya kwanza, mama alijibu swali kwa neno moja la Kirundi lenye maana ya zawadi. Kwake halikuwa kosa. Kitu ulichopewa na kaka yako bila kukilipia ni zawadi. Lakini karani alikuwa na karatasi ya benki iliyotuma fedha, na mahali pa sababu ya malipo mjomba mdogo alikuwa ameandika "msaada wa familia". Halafu mimi nikatoa barua ya mahakama iliyosema "mirathi". Karani akaweka karatasi hizo mbili kando kwa kando, akatutazama. Fedha ni zile zile, lakini tayari zilikuwa na majina matatu.

Nilikasirika, nikidhani anatafuta sababu ya kutuzuia. Baadaye nilielewa kwamba maneno yale yanauliza ushahidi tofauti. Msaada au zawadi hutoka kwa mtu aliye hai, kwa hiari yake. Ukisema ni zawadi, lazima uonyeshe kwamba mtoaji alitaka kutoa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na uwezo wa kutoa. Sisi tungelazimika kueleza jinsi mjomba mdogo, mkulima wa Katumba, alivyopata zaidi ya dola 7,000 za kugawa. Asingeweza kueleza, kwa sababu fedha hazikuwa zake. Mirathi ni jambo jingine. Hapo mtoaji ni marehemu, na swali ni kama alikuwa na mali, kama kweli alikufa, na kama wewe ni mrithi wake.

Wengi wetu tunakumbuka habari za mwanafunzi wa chuo nchini Kenya ambaye mwaka 2021 alipokea shilingi milioni 102 za Kenya kutoka kwa mpenzi wake Mbelgiji. Akaunti yake ilifungwa kwa amri ya mahakama kwa ombi la wakala wa serikali anayefuatilia mali za uhalifu. Mtumaji alijitokeza na kusema kuwa fedha zilikuwa zake na kwamba alizitoa kama zawadi. Mjadala haukuishia hapo, kwa kuwa neno "zawadi" hueleza fedha zilivyotoka mkono mmoja hadi mwingine, lakini halielezi zilivyoingia katika mkono wa kwanza. Nilipokuwa nikisoma habari hiyo nilicheka na wenzangu bwenini. Sikujua kwamba swali lile lile lingefika Ryansoro.

Kwa mama hatari ilikuwa kubwa kuliko ya mtu wa kawaida, kwa sababu analipwa na serikali. Sheria ya Burundi ya tarehe 18 Aprili 2006 ya kupambana na rushwa inahesabu kuwa ni kosa mtumishi wa umma kuongezeka mali bila kuweza kuihalalisha kwa mapato yake ya haki. Nayo sheria ya tarehe 4 Februari 2008 ya kupambana na utakatishaji wa fedha inazitaka benki zimjue mteja wao na zichunguze fedha zisizolingana na hali yake. Kwa hiyo karani hakuwa akituonea. Kama asingeuliza, yeye ndiye angeulizwa.

Jioni ile nilichora mstari kwenye daftari langu. Mwanzo wake niliandika "nyumba ya Mpanda", na mwisho wake "akaunti ya mama". Nikajiuliza ni karatasi gani inayofunika kila hatua ya mstari huo, na wapi pana pengo.

Sehemu ya Tanzania ndiyo iliyokuwa imara. Mjomba mdogo, ingawa hakusoma sana, alikuwa amefuata utaratibu wote. Baada ya mazishi ukoo ulikaa na kuandika muhtasari wa kikao, ukataja warithi na kumpendekeza yeye awe msimamizi wa mirathi. Akachukua muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo. Maombi hujazwa katika Fomu Na. 1. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pasipokuwa na pingamizi, mahakama humteua msimamizi kwa Fomu Na. 4. Ndani ya miezi minne msimamizi hurudisha Fomu Na. 5, ambayo ni orodha ya mali na madeni ya marehemu, na akimaliza kukusanya na kugawa hujaza Fomu Na. 6, ambayo ni hesabu ya mgawanyo.

Fomu Na. 6 ndiyo iliyotuokoa. Ndani yake iliandikwa kwamba nyumba imeuzwa kwa shilingi 42,000,000 za Tanzania. Zikatolewa 4,000,000 za madeni, mazishi na gharama. Zikabaki 38,000,000, na kila mrithi akapata 19,000,000. Nyumba yenyewe haikuweza kubaki kwa jina la mama hata kama angeitaka, maana yeye si raia wa Tanzania, na sheria ya ardhi ya huko haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Hilo peke yake lilieleza kwa nini kilichofika ni fedha taslimu na si hati ya nyumba.

Lakini shilingi 19,000,000 si faranga 20,520,500, na karani aliuliza hilo pia. Nilimwomba mjomba anitumie picha ya risiti ya siku aliyotuma. Benki ya Tanzania ilikuwa imemuuzia dola kwa shilingi 2,640, kwa hiyo zilitoka dola 7,196. Ada za kutuma zilikula dola 46, zikafika dola 7,150. Benki ya Gitega ikazibadili kwa faranga 2,870 kwa dola moja. Nilizidisha mbele ya karani, ikatoka 20,520,500 kamili, bila kupungua wala kuzidi hata faranga moja. Nadhani hapo ndipo alipoanza kutuamini.

Jirani mmoja aliyesikia hesabu hiyo alituambia kwamba tumekuwa wajinga. Mtaani dola moja ilikuwa ikipata karibu mara mbili ya bei ya benki. Kama mjomba angempa mfanyabiashara anayepita mpaka wa Manyovu, mama angepokea mkononi fedha nyingi zaidi. Ni kweli, na iliuma. Lakini fedha ya namna hiyo hufika bila risiti, bila tarehe na bila jina. Tuseme tulilipa nusu ya thamani ili tupate karatasi.

Pengo kubwa lilikuwa upande wetu wa Burundi, nalo lilitokana na jambo ambalo kila Mrundi analijua na kila mgeni hulishangaa. Kwetu ndugu hawachangii jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo kaka na dada wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kwa herufi moja. Mjomba naye, alipokaa Tanzania, aliandikwa kwa desturi ya huko, yaani jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Na mwandishi wa kwanza aliyemwandikisha alisikia "l" mahali penye "r", kosa likabaki hivyo kwa miaka hamsini. Mtu akisoma cheti chake cha kifo na kitambulisho cha mama, haoni undugu wowote. Mbaya zaidi, katika muhtasari wa kikao cha ukoo mama hakutajwa kwa jina lake la kitambulisho. Aliandikwa "Mama" pamoja na jina la dada yangu mkubwa, kama watu wa Katumba walivyozoea kumwita katika simu.

Tulikwenda komine kuomba cheti cha kuthibitisha undugu. Wakatuuliza tuna nini cha kuonyesha, kwa sababu mjomba hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na waliomjua akiwa mtoto wengi wamefariki. Walipatikana bashingantahe wawili wazee waliokumbuka jinsi wale vijana walivyoondoka. Ushahidi wao ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa wa mdomo. Ndipo mama akakumbuka parokia. Mjomba alibatizwa mwaka 1958 na mama mwaka 1966, na kitabu cha ubatizo huandika jina la baba na jina la mama wa mtoto. Katekista alifungua vitabu viwili vya zamani vyenye harufu ya unyevu, akatuonyesha mistari miwili iliyoandikwa kwa wino uliofifia. Majina ya wazazi yalikuwa yale yale. Jina la mjomba lilikuwa na "r". Mama aliweka kidole juu ya mstari ule, akakaa kimya kwa muda mrefu. Hakuwahi kuona jina la kaka yake likiwa limeandikwa sawasawa.

Kwa nakala hizo mbili na maneno ya wazee, komine ilitoa cheti cha undugu. Kwa upande wa Tanzania, mjomba mdogo alikula kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba "Mama" fulani wa kwenye muhtasari na mtu mwenye kitambulisho cha Burundi namba fulani ni mtu mmoja, na kwamba jina lenye "l" na lenye "r" ni la marehemu yule yule. Hapo mstari wa daftari langu ukawa hauna pengo.

Ikabaki lugha. Mahakama ya Mwanzo huendesha mashauri kwa Kiswahili, na benki yetu ilitaka Kifaransa. Mtafsiri aliyeapishwa ndiye aliyepiga muhuri, lakini ili gharama ipungue nilimwandalia rasimu. Nikaona aibu nikiwa mwanafunzi wa lugha. "Msimamizi wa mirathi" nililiandika kwa neno la Kifaransa lenye maana ya meneja. Mtafsiri akaniuliza, "Meneja wa kampuni gani?" Alinieleza kwamba benki ikiona neno lile itadhani mjomba alikuwa na biashara, na fedha zitageuka kuwa faida ya biashara, jambo ambalo lina kodi na maswali yake. Msimamizi hana mali. Anashika mali ya marehemu kwa niaba ya warithi na kuwajibika kwa mahakama. Kamusi ilinipa neno "simamia", lakini haikunipa mahakama iliyo nyuma yake.

Sasa nieleze sehemu ninayoona haya kuiandika. Siku mbili baada ya fedha za benki kufika, na kabla hatujajua kwamba zimezuiwa, mama alikuwa ameweka katika akaunti ile ile faranga 800,000 taslimu. Hizo zilikuwa kodi za pango alizokuwa akidai marehemu, ambazo mpangaji alimpa mjomba mdogo baada ya hesabu ya mahakama kufungwa. Mjomba akampa mfanyabiashara, naye akazileta kupitia Manyovu. Karani alipomaliza kukagua ile milioni ishirini na kuridhika, aliweka kalamu kwenye mstari wa pili akauliza, "Na hizi?"

Mfanyabiashara alikataa kuandika chochote. Usiku ule nilichapa barua ya zawadi. Niliandika kwamba mimi, marehemu mjomba, nampa dada yangu fedha hizi kwa mapenzi yangu, nikaweka tarehe ya mwaka 2022, wakati alipokuwa bado hai. Nilijiambia kwamba sibuni uongo wowote, maana fedha zilikuwa zake kweli na zilikuwa za mama kweli. Ilikosekana karatasi tu, nami nilikuwa nikiitengeneza.

Asubuhi mama aliisoma akiwa amesimama mlangoni, tayari kwenda shuleni. Akaniuliza, "Hii sahihi ataiweka nani?" Sikujibu. Akaichana vipande vinne, akaviweka motoni chini ya chungu. Kisha akasema, "Wakigundua hii, watatupa na zile za kanisani."

Alikuwa sahihi kuliko mimi niliyejiona msomi. Benki ingeanza kwa kulinganisha tarehe. Barua ya 2022 ingedai kwamba zawadi ilitolewa kabla ya kifo, ilhali fedha ziliwekwa mwaka mmoja na zaidi baada ya kifo. Sahihi ingelinganishwa na ile ya cheti cha uraia. Na mara moja ikijulikana kwamba mmoja kati ya watoaji wa karatasi ni mimi, Fomu Na. 6 ya kweli na kitabu cha ubatizo cha kweli vingeingia katika shaka ile ile.

Mama aliandika kwa mkono wake, kwa Kirundi, sentensi chache. Alisema kwamba faranga 800,000 ni malimbikizo ya pango la nyumba ya marehemu, kwamba zililetwa kwa mkono na mtu asiyetaka kutajwa, na kwamba hana karatasi ya kuthibitisha hilo. Akatia sahihi.

Siku ya 13 benki ilifungua akaunti. Zile 20,520,500 zikakubaliwa kuwa mirathi. Kuhusu zile 800,000, karani alituonyesha alichoandika kwenye faili: chanzo kimetajwa na mteja, hakuna ushahidi. Maneno hayo yapo hadi leo, na wakati wowote mtu anaweza kumwita mama na kumuuliza tena.

Mkutano wa ushirika uliofuata, mama alikwenda na bahasha yenye nakala za karatasi zote, pamoja na ile aliyoiandika mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Alizipitisha mkono kwa mkono, watu wakazitazama, ingawa wengi hawajui Kifaransa. Mzee mmoja aliishika nakala ya kitabu cha ubatizo kwa muda mrefu kuliko nyingine. Alikuwa mmoja wa wale bashingantahe wawili. Alisoma jina la mjomba kwa sauti, kwa "r", kisha akampa aliyekaa kando yake.